Vitamini tatu, pH tatu: mwongozo wa elektroforesisi ya kapilari kwa anayeanza

Swali linalorudi kila mara mtu mpya anapokabidhiwa mashine ya elektroforesisi ya kapilari ni hili: "Jana piridoksini ilitoka ya pili, leo imetoka ya mwisho. Nimeharibu nini?" Mara nyingi hajaharibu kitu, ila amebadilisha bafa. Swali la pili hufuata muda si mrefu: "Iweje ioni hasi ifike kwenye kathodi, wakati inatakiwa kukimbilia anodi?"

Maswali yote mawili yana jibu moja, na utalielewa haraka zaidi ukiliona kwenye mashine kuliko ukisomewa. Chukua mchanganyiko mmoja, upitishe kwenye bafa tatu za pH tofauti, kisha piga hesabu. Mchanganyiko tutakaoutumia hapa ni thiamini (vitamini B1), piridoksini (B6) na nikotinamidi (B3). Zote tatu hukaa pamoja kwenye vidonge vya vitamini B mchanganyiko vinavyouzwa duka lolote la dawa, zinayeyuka vizuri kwenye maji, na zinaonekana kwenye mwanga wa urujuanimno. Na piridoksini ina tabia ya kuhamahama nafasi kadiri pH inavyobadilika, jambo ambalo ndilo tunalotaka kuliona.

Nadharia kidogo tu

Kapilari ni mrija wa silika wenye tundu la mikromita 50 hivi. Wembamba huo si urembo. Umeme ukipita kwenye bafa huzalisha joto, na mrija mwembamba hulitoa joto hilo upesi. Ndiyo maana James Jorgenson na Krynn Lukacs, walipotumia kapilari za kioo za mikromita 75 mwaka 1981, waliweza kupandisha volteji hadi kilovolti 30 bila vilele kuvurugika.

Ukuta wa ndani wa silika umejaa vikundi vya silanoli. pH ikipanda, silanoli hupoteza protoni na ukuta unabaki na chaji hasi. Ioni chanya za bafa hujipanga kando ya ukuta huo. Ukiwasha volteji, ioni hizo huvutwa kuelekea kathodi na kuburuta maji yote yaliyomo kwenye mrija. Huo ndio mtiririko wa elektroosmosisi. Kwenye pH 2.5 ni hafifu sana. Kati ya pH 4 na 7 unapanda kwa kasi, na ukivuka 9 hauongezeki tena kwa kiasi cha maana.

Kwa hiyo kila dutu ndani ya kapilari ina miendo miwili: ule wa kubebwa na maji, na ule wake yenyewe unaotokana na chaji. Ni kama muogeleaji mtoni. Anayeogelea kufuata mkondo (ioni chanya) hufika kwanza, asiyeogelea (isiyo na chaji) hufika na maji, na anayepambana na mkondo (ioni hasi) naye hufika, ila amechelewa, mradi mkondo unamzidi nguvu. Swali la pili limejibika hapo.

La kwanza linajibiwa na pKa, yaani pH ambayo nusu ya molekuli za dutu zimeshapoteza protoni. Unapobadilisha pH unagusa vitu viwili kwa wakati mmoja: kasi ya mkondo na chaji ya kila dutu. Kasi ya mkondo hubadilisha muda wa kila kilele, lakini peke yake haiwezi kufanya vilele vibadilishane nafasi. Chaji ndiyo inayofanya hivyo. Wanaoanza wengi huchanganya haya mawili.

Hivi ndivyo vitamini zetu zilivyo:

- Thiamini ina chaji chanya moja ya kudumu kwenye molekuli yake. Chini ya pH 5 hivi hupata na ya pili.
- Nikotinamidi ina pKa ya karibu 3.3. Chini ya hapo ni chanya, na ukishavuka pH 5 haina chaji kabisa.
- Piridoksini ina pKa mbili, karibu 5.0 na 8.9. Chini ya ya kwanza ni chanya, katikati chaji zake zinafutana, juu ya ya pili ni hasi.

Andaa haya kabla ya kuanza

Kapilari tupu (isiyopakwa kitu ndani) ya silika, tundu la mikromita 50, urefu wote sentimita 48.5, na kutoka mwanzo hadi kwenye dirisha la kigunduzi sentimita 40. Urefu wako ukiwa tofauti hakuna shida, ilimradi uujue. Andika namba zote mbili mahali utakapoziona, maana utazihitaji kwenye hesabu.

Asidi asetiki, fosfati ya sodiamu (NaH₂PO₄·2H₂O), boraksi, NaOH ya mola 1, HCl ya mola 0.1, maji safi ya maabara, vichujio vya mikromita 0.45 au chini ya hapo. Vitamini tatu safi, na kafeini kidogo. Kafeini haina chaji kwenye pH zote tatu tutakazotumia, kwa hiyo itatuonyesha mkondo unakwenda kasi gani.

Kipima pH kilichosawazishwa siku hiyohiyo. Usilipuuze hili. Kwenye pH 4.5 asilimia 76 hivi ya piridoksini ni chanya, kwenye 4.6 ni asilimia 71 au 72. Kosa la 0.1 linatosha kusogeza kilele chako, na utatafuta tatizo kwenye kapilari wakati liko kwenye kipima pH.

Hatua

1. Tengeneza bafa tatu, mililita 100 kila moja.

   Bafa A, pH 4.5: asidi asetiki gramu 0.30 kwenye maji mililita 90 hivi, pandisha pH kwa NaOH hadi 4.5, kisha jaza hadi 100. Bafa B, pH 7.0: NaH₂PO₄·2H₂O gramu 0.312, pandisha kwa NaOH hadi 7.0, jaza. Bafa C: boraksi gramu 0.381, iyeyushe na ujaze. Hii ya mwisho hujipa pH ya karibu 9.2 yenyewe, usiirekebishe.

   Chuja zote na utoe hewa. Kosa la kawaida hapa ni kutengeneza "fosfati ya pH 4.5" kwa sababu fosfati ndiyo iliyo mezani. Fosfati ina pKa karibu 2.1 na 7.2. Kwenye 4.5 haizuii chochote; umeme ukipita, pH ndani ya vichupa inahama na kila mzunguko unatoa muda wake. Bafa ifanye kazi ndani ya kipimo kimoja cha pH kutoka kwenye pKa yake, kwenda juu au chini.

2. Andaa sampuli. Yeyusha kila vitamini kwenye maji, changanya upate miligramu 50 hadi 100 za kila moja kwa lita. Tumia maji, si bafa. Sampuli ikiwa na chumvi chache kuliko bafa, dutu hujikusanya kwenye ukanda mwembamba na kilele kinatoka chembamba. Kwa thiamini kuna sababu ya ziada: kwenye alkali pete yake moja hufunguka, kwa hiyo ukiiacha ikae kwenye boraksi utaikuta imeharibika. Tengeneza pia kichupa cha kafeini peke yake.

3. Amsha kapilari. Ikiwa mpya, pitisha NaOH ya mola 1 kwa dakika 20 hadi 30, maji dakika 10. Kisha, kwa kuwa tunaanza na pH ya chini, pitisha HCl ya mola 0.1 dakika 5, maji dakika 5, na Bafa A dakika 30.

4. Fuata mpangilio wa kupanda: A, halafu B, halafu C. Ukuta wa silika una kumbukumbu. Kapilari iliyotoka kwenye boraksi ukaiingiza kwenye pH 4.5 itaendelea kuwa na mkondo wa kasi kuliko inavyostahili, na itashuka polepole kwa saa kadhaa. Ukitoka chini kwenda juu tatizo hili ni dogo zaidi. Maabara yenye uwezo hutenga kapilari moja kwa kila pH na kuibandika lebo, na mimi nakushauri ufanye hivyo ukianza kazi ya kweli.

5. Weka vichupa. Kiasi cha bafa kwenye kichupa cha kuingilia na cha kutokea kiwe sawasawa. Tofauti ya kimo hufanya bafa inyonywe upande mmoja, na mkondo huo wa ziada hutauona popote isipokuwa kwenye muda wa vilele.

6. Weka mipangilio: joto 25°C, volteji kilovolti 20, anodi upande wa kuingilia na kathodi upande wa kigunduzi, mwanga nanomita 214. Ingiza sampuli kwa shinikizo la milibari 50 kwa sekunde 5. Hapo unaingiza nanolita 8 hadi 9 tu, karibu asilimia 1 ya ujazo wa kapilari nzima. Ukiongeza sekunde ili kilele kiwe kikubwa, kitanenepa kwanza kabla hakijarefuka.

7. Pitisha kafeini peke yake mara kadhaa. Usiingize vitamini hadi muda wa kafeini uache kuhama kati ya mzunguko mmoja na mwingine. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo chanzo cha data nyingi za kutupwa.

8. Pitisha mchanganyiko wa vitamini, kisha kila vitamini peke yake. Usidhani unajua kilele kipi ni kipi kwa sababu ya nafasi yake. Nafasi ndiyo kitu tunachokibadilisha. Kati ya mizunguko pitisha bafa ileile dakika 3, bila NaOH unapokuwa kwenye Bafa A.

9. Hamia Bafa B. Pitisha bafa mpya dakika 20, rudia hatua ya 7 na 8. Halafu C vivyo hivyo. Ukiingia kwenye C unaruhusiwa kutumia NaOH ya mola 0.1 kwa dakika 2 kusafisha, kisha bafa.

10. Badilisha bafa kwenye vichupa baada ya mizunguko mitano hadi kumi. Umeme unapasua maji kwenye elektrodi, upande mmoja unapata asidi na mwingine alkali. Kichupa kidogo hakivumilii hilo siku nzima.

Utakachokiona

Kwenye Bafa A, thiamini inatoka kwanza, piridoksini ya pili, nikotinamidi ya tatu, mbele kidogo tu ya mahali kafeini ilipotoka. Nikotinamidi kwenye pH 4.5 imebakiwa na chaji kwenye asilimia 6 au 7 tu ya molekuli zake. Piridoksini bado ni chanya kwa robo tatu. Mkondo ni wa taratibu, kwa hiyo nafasi kati ya vilele ni pana.

Kwenye Bafa B, thiamini bado ni ya kwanza, lakini piridoksini na nikotinamidi zimegeuka kilele kimoja, palepale ilipo kafeini. Hakuna kilichoharibika. Zote mbili hazina chaji halisi kwenye pH 7, na elektroforesisi haitofautishi visivyo na chaji. Kurefusha kapilari, kupunguza volteji, kupunguza sampuli, vyote havitasaidia. Ukilazimika kubaki kwenye pH 7, ongeza SDS, aina ya sabuni, ili vibebwe na miseli, yaani vifundo vya molekuli za sabuni hiyo, na hiyo ni mbinu nyingine yenye mwongozo wake.

Kwenye Bafa C, thiamini kwanza, nikotinamidi ya pili pamoja na mkondo, piridoksini ya mwisho. Sasa ni hasi na inaogelea kurudi nyuma huku ikibebwa mbele. Borati yenyewe inachangia pia, kwa kuwa hushikana na piridoksini na kuiongezea chaji hasi. Jaribu bafa nyingine ya pH hiyohiyo isiyo na borati utaona piridoksini haichelewi kiasi kile.

Hesabu ya kuthibitisha

Usiishie kulinganisha dakika. Dakika zina mkondo ndani yake. Tafuta mwendo wa jumla kwanza:

```
µ = (Ld × Lt) / (V × t)
```

Ld ni urefu hadi kwenye kigunduzi, Lt ni urefu wote, kwa sentimita. V ni volti, t ni sekunde. Kwa kapilari yetu, Ld × Lt = 40 × 48.5 = 1940.

Tuseme kwenye Bafa C kafeini imetoka sekunde ya 162 na piridoksini ya 250. Mkondo ni 1940 / (20000 × 162), yaani 5.99 × 10⁻⁴ cm²/V·s. Mwendo wa jumla wa piridoksini ni 1940 / (20000 × 250) = 3.88 × 10⁻⁴. Toa mkondo: 3.88 − 5.99 = −2.11. Alama ya kutoa inakwambia ioni ni hasi.

Tuseme kwenye Bafa A kafeini imetoka sekunde ya 440, piridoksini ya 220. Mkondo ni 2.20 × 10⁻⁴, jumla ya piridoksini ni 4.41 × 10⁻⁴, na mwendo wake wenyewe ni +2.21 × 10⁻⁴. Namba zako zitatofautiana na hizi kidogo, lakini alama zisitofautiane.

Angalia jambo moja kwenye mfano huu. Piridoksini ilifika sekunde ya 220 kwenye A na 250 kwenye C. Anayetazama muda pekee angesema pH haijaifanyia kitu kikubwa. Kumbe imegeuka kutoka chanya kuwa hasi, na mkondo uliokua karibu mara tatu ndio uliofunika mabadiliko hayo.

Mambo yakienda kombo

*Umeme unashuka hadi sifuri ghafla.* Kuna kiputo cha hewa, au kapilari imevunjika, na mara nyingi imevunjikia dirishani ambako ganda la nje limeunguzwa. Pitisha bafa kwa shinikizo utazame kama tone linatoka upande wa pili. Kama linatoka, toa hewa kwenye bafa upya. Kama halitoki, toa kapilari uiangalie dirisha kwenye mwanga.

*Muda unarefuka kila mzunguko, lakini mpangilio ni uleule.* Mkondo unapungua. Kama uko kwenye Bafa A baada ya kutumia NaOH, ni ile kumbukumbu ya ukuta. Subiri au pitisha bafa zaidi. Kama uko kwenye B au C, ukuta umeshika uchafu, safisha kwa NaOH. Ukitaka kuwa na uhakika, piga hesabu ya mwendo wenyewe wa kila vitamini: ikibaki palepale wakati muda unahama, shida ni mkondo. Mwendo ukihama nao, shida ni pH ya bafa.

*Thiamini ina mkia mrefu.* Ioni chanya hupenda ukuta hasi, na tabia hii huonekana zaidi kwenye pH 7 kuliko 4.5. Punguza kiasi cha sampuli, au ongeza chumvi ya bafa taratibu huku ukitazama mkondo wa umeme; ukivuka mikroampea 50 au 60, joto linaanza kuharibu vilele. Mkia ukitokea kwenye Bafa C peke yake, huenda ni thiamini inayobadilika njiani. Rudia kwa sampuli mpya kabla hujalaumu ukuta.

*Hakuna kilele hata kimoja.* Angalia mwelekeo wa volteji kwanza. Ukigeuza elektrodi, mkondo unarudisha sampuli yote kwenye kichupa cha kuingilia. Dakika zinaweza kupita nyingi ukisubiri kitu kilichokwisha ondoka.

*Kilele cha nne, baada ya kuhamia kidonge halisi.* Ikiwa kidonge ni cha njano, karibu hakika ni riboflavini, B2. Kwenye pH 4.5 na 7 haina chaji, kwa hiyo itakaa na kafeini. Kwenye borati inashikwa kwa mnyororo wake wa sukari na kuvutwa nyuma, hivyo itatoka baada ya nikotinamidi na inaweza kusogelea eneo la piridoksini. Ongeza piridoksini safi kidogo kwenye sampuli ya kidonge na uipitishe tena: kilele kitakachokua ndicho chake. Kama B6 ndiyo unayoihitaji kwenye kidonge hicho, tumia Bafa A, ambako piridoksini iko mbali na visivyo na chaji vyote.